Kutoka Daftari Hadi Programu: Jinsi Tunavyoandaa Karatasi ya Mazishi

Mazungumzo ya katibu wa kwaya, siku ya jubilii ya miaka 25



Tulipogawana mada za leo, wengine walipewa historia, wengine nyimbo, wengine safari za mashindano. Sisi wa meza ya ukatibu tuliambiwa tuzungumze juu ya programu za mazishi. Watu walicheka kidogo. Lakini hakuna boma katika eneo letu la majani chai ambalo halijawahi kutuma mtu kwetu usiku, akiwa na daftari mkononi, akisema, "Mwalimu, tusaidieni, mazishi ni Ijumaa." Katika miaka hii tumejifunza kazi hiyo kwa kukosea. Leo tunataka kuwaachia vijana wa kwaya tulichojifunza, ili wasianze pale tulipoanza sisi.

Tuanze na kosa letu kubwa. Miaka iliyopita tulitayarisha programu ya mzee mmoja. Picha ilikuwa safi, nyimbo zilipangwa vizuri, na karatasi ilikunjwa ikakaa sawa. Tuliigawa asubuhi watu wakiingia bomani. Karibu na hema tulimwona mama mmoja akipitisha kidole kwenye orodha ya watoto wa marehemu. Alifika mwisho, akarudi juu, akafika mwisho tena. Kisha akaikunja, akaiweka kwenye mkoba, akakaa nyuma kabisa. Alikuwa binti wa kwanza wa mzee yule, aliyezaliwa kabla mzee hajaoa na kulelewa kwa nyanya yake. Kijana aliyetuletea majina hakumtaja, nasi hatukuuliza. Tulichapa nakala 200 zisizokuwa na jina la mtoto wa marehemu, na baba yake alizikwa mbele ya macho yake.

Tulikwenda kuomba msamaha, akatusamehe. Lakini karatasi haikurudi. Watu huziweka programu hizi ndani ya Biblia, kwenye sanduku pamoja na hati za shamba, ukutani karibu na kalenda. Tena si kumbukumbu tu. Katika kesi za urithi hapa Kenya, programu za mazishi zimewahi kuletwa mahakamani ili kuonyesha ni nani familia yenyewe ilimtaja kuwa mke au mtoto wa marehemu. Programu peke yake haimpi mtu shamba wala haimnyang'anyi, kwa maana hakimu husikiliza mashahidi wengine pia. Lakini jina lililoachwa hapo linaweza kumtesa mtu miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni hii: hatuanzi na picha wala maandishi ya kupendeza. Tunaanza na majina.

Ili mwelewe, tutawapitisha katika programu moja tuliyoandaa kwa siku tatu. Marehemu alikuwa mwenzetu wa sauti ya alto, mama aliyechuma majani chai na kuimba nasi kwa miaka mingi. Familia ilikuja Jumanne usiku na kurasa nne za daftari la shule, ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa watoto walio Nairobi na Nakuru, na picha moja kwenye simu. Mazishi yalikuwa Ijumaa.

Usiku ule hatukufungua kompyuta. Tulichukua karatasi tupu, tukaomba familia ituambie majina kwa sauti, nyumba kwa nyumba. Tuliuliza maswali matano, na tunayauliza kila mara, hata kama tunaijua familia. Je, kuna mtoto aliyetangulia kufariki? Je, kuna mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, au aliyelelewa kwingine? Je, kuna nyumba nyingine, na mama wa nyumba hiyo anataka kuandikwaje? Je, kuna mtoto wa kulea ambaye marehemu alimwita mwanawe? Na ni nani hasa mwenye neno la mwisho juu ya orodha hii?

Swali la mwisho ndilo linalookoa kazi. Familia ikiwa na watu kumi wanaotuma marekebisho, kila mmoja atarekebisha cha mwenzake. Tunaomba mtu mmoja, na mara nyingi tunaomba awe mzee kwa umri, si yule anayejua simu zaidi. Kwa mama yetu huyu walimchagua dada yake marehemu. Ni yeye aliyesema polepole kwamba kulikuwa na mtoto wa tatu aliyefariki akiwa mdogo, ambaye vijana hawakumjua. Tulimwandika katika nafasi yake, wa tatu, na neno "marehemu" mbele ya jina lake. Mume wake mama alikuwa amekaa kimya muda wote. Aliposikia jina lile likisomwa alisema tu, "Ndiyo. Huyo."

Baada ya majina kuna tahajia. Majina yetu yana mitego. Kuna anayeandika Chepngetich na kuna anayeandika Chepng'etich, na katika boma moja unaweza kuwapata wote wawili. Hatusahihishi jina la mtu. Tunaandika kama lilivyo kwenye kitambulisho chake au kama anavyoliandika mwenyewe. Halafu kompyuta nayo huwa na maoni yake: ukiandika jina la Kikalenjin, inaweza kuligeuza kuwa neno la Kiingereza bila kukuambia. Zima usahihishaji wa kompyuta kabla ya kuandika hata neno moja.

Tarehe ya kuzaliwa nayo inataka utulivu. Wazazi wetu wengi wana mwaka tu, hawana siku. Kwa mama huyu kitambulisho kilisema mwaka mmoja na kadi ya ubatizo ilisema mwingine, miaka miwili nyuma. Tuliiachia familia iamue, wakachagua cha kitambulisho. Ikishaamuliwa hivyo, mwaka huo huo lazima uonekane kwenye jalada, kwenye wasifu na popote umri unapotajwa. Chukua kalamu, utoe mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa kufa, ulinganishe na umri ulioandikwa. Kama mwezi wa kuzaliwa haujulikani, andika mwaka tu na uache umri, kwa sababu unaweza kukosea kwa mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne. Karatasi mbili zikiwekwa moja ndani ya nyingine zinatoa kurasa nane. Programu ya kukunjwa katikati hivi haiwezi kuwa na kurasa tano au sita. Ukiwa na maneno ya kurasa tano, ama unapunguza yawe nne ama unapanga ziwe nane. Amua jambo hili Jumatano asubuhi, si Alhamisi usiku.

Kabla ya kuandika chochote tunatengeneza kielelezo. Chukua karatasi mbili tupu, zikunje pamoja kama kijitabu, uandike kwa kalamu namba 1 hadi 8 kwenye kila ukurasa. Kisha zifungue. Utashangaa: karatasi ya nje ina ukurasa wa 8 na wa 1 upande mmoja, na wa 2 na wa 7 upande wa pili. Karatasi ya ndani ina wa 6 na wa 3, na nyuma yake wa 4 na wa 5. Kurasa zinazokaa pamoja upande mmoja daima zinajumlishwa kuwa 9. Kama ni kurasa nne, jumla ni 5. Ukiona jumla nyingine, umepanga vibaya, na watu watasoma mahubiri kabla ya maombi ya kufungua.

Kielelezo hicho kinatusaidia pia kugawa nafasi. Kwa mama yetu tuligawa hivi. Ukurasa wa 1 ni jalada: picha, majina kamili, miaka, mahali na siku ya mazishi. Ukurasa wa 2 na wa 3 ni ratiba ya ibada, kwa sababu kurasa hizo mbili zinatazamana na mtu haitaji kufunua katikati ya ibada. Ukurasa wa 4 na wa 5 ni wasifu. Hapo ndipo katikati ya kijitabu, na kinalala wazi chenyewe. Ukurasa wa 6 na wa 7 ni salamu za rambirambi. Ukurasa wa 8, mgongo wa kijitabu, ni wimbo wa kaburini na neno fupi la shukrani.

Tueleze kuhusu huo wimbo wa kaburini. Zamani tulijaribu kuchapa maneno ya nyimbo zote, tukamaliza nafasi yote. Sasa tunachapa maneno ya wimbo mmoja tu. Ndani ya hema watu wana vitabu vya nyimbo, au wanakaa karibu na mwenye kitabu. Kaburini hawana. Wamesimama kwenye udongo uliochimbwa, mkono mmoja una mwavuli, mwingine umemshika mtoto. Wakiigeuza programu tu, maneno yako pale mgongoni na hawahitaji kufunua kitu.

Nyimbo nyingine tunaziandika kwa jina, kitabu, namba na beti zitakazoimbwa. Familia ilikuwa imetuandikia namba peke yake bila kitabu. Namba bila kitabu haina maana, kwa sababu wimbo ule ule una namba moja katika Tenzi za Rohoni na namba nyingine katika kitabu cha nyimbo cha Kikalenjin. Nusu ya watu wataanza wimbo wa huzuni na nusu wa mavuno. Tuliwarudia, wakatuambia walikuwa wakimaanisha Mwamba Wenye Imara. Tuliandika jina la wimbo kwanza, kisha namba za vitabu vyote viwili, kila namba na kitabu chake. Pia tunaandika ni lugha gani itaimbwa. Tukiimba wimbo mmoja kwa Kiswahili na Kikalenjin pamoja, wanaoongoza wakubaliane mapema ubeti upi ni wa lugha ipi.

Masomo ya Biblia ni rahisi zaidi, lakini yana kosa lake. Familia huandika "Yohana 14" halafu msomaji anasimama asijue aishie wapi. Tunaandika mstari wa kuanzia na wa kumalizia: Zaburi 90:1-12, Yohana 14:1-6, 1 Wathesalonike 4:13-18. Hatuchapi maneno ya somo, kwa kuwa msomaji ana Biblia yake. Mbele ya kila somo tunaandika jina la msomaji, na kabla ya kuchapa tunampigia simu. Msomaji anayejua kwa mara ya kwanza akiwa chini ya hema kwamba ni zamu yake huwa anatafuta miwani huku watu 400 wakimngoja.

Ratiba yenyewe inaamuliwa na mawingu. Hapa kwetu mvua hupenda kuja alasiri, na mwenye boma katika eneo la chai hahitaji kuambiwa hilo. Tunapanga tukiwa na nia kwamba kaburi liwe limefunikwa kabla ya saa 8 mchana, na tunahesabu kurudi nyuma kutoka hapo. Kwa mama huyu tulipanga hivi: mwili kufika nyumbani saa 3.00 asubuhi, ibada kuanza saa 4.00; wasifu saa 4.30, salamu kuanzia saa 4.50, mahubiri saa 6.00, shukrani saa 6.45, kwenda kaburini saa 7.00. Tukijumlisha salamu tuliona watu kumi na mmoja wamepewa dakika 70, yaani kama dakika sita kila mmoja pamoja na kutembea hadi kipaza sauti. Tulimwonyesha dada wa marehemu hesabu hiyo. Yeye mwenyewe akaunganisha vikundi viwili, wakawa tisa.

Hapa kuna makosa mawili ya kuangalia. La kwanza ni saa. Programu nyingi zina lugha mbili, na mtu anaandika saa 4.00 kwenye mstari mmoja na 10.00 kwenye unaofuata. Wageni kutoka mbali hufika wakati tofauti na wanaochimba kaburi. Chagua saa za Kiswahili au za Kiingereza, na ukichagua za Kiswahili andika neno "asubuhi" au "mchana" kila mara. La pili ni majina ya viongozi. Hatuchapi jina la kiongozi yeyote wa siasa. Tunaandika "Salamu za viongozi", dakika 15, basi. Atakayekuja hatumjui hadi gari lake lionekane, na jina la asiyekuja likichapwa familia inabaki na aibu isiyo yake.

Tufike kwenye wasifu, kazi ngumu kuliko zote. Ulitufikia ukiwa na maneno kama 1,150, umeandikwa na watoto watatu. Ukurasa mmoja wa kijitabu hiki, ukiwa na maandishi ya ukubwa wa 12 ambayo wazee wanaweza kusoma, unabeba maneno kama 250. Kurasa mbili ni 500. Orodha ya familia ilikula 120. Tulibaki na 380.

Kishawishi ni kupunguza maandishi hadi ukubwa wa 8 ili yote yaingie. Usifanye hivyo. Atakayeshindwa kusoma ni mume wake, mwenye miaka zaidi ya 70. Badala yake tulisoma kurasa zote kwa sauti, tukiwa na kalamu. Kwanza tuliondoa yaliyorudiwa: watoto wote watatu walikuwa wameeleza shule aliyosoma mama yao. Kisha tuliondoa maneno ambayo yangeweza kusemwa juu ya mtu yeyote. Mmoja alikuwa ameandika, "Mama alikuwa mwenye upendo, mkarimu, mwenye bidii na mcha Mungu." Tulimwuliza, "Ulimwona akifanya nini?" Akafikiri, akasema kwamba siku za kupima majani mama hakuondoka kituo cha kununulia chai hadi kikapu cha jirani yake mjane kimepimwa, hata kama giza limeingia. Tuliandika hilo na kufuta ile mistari miwili. Siku ya mazishi, sentensi hiyo iliposomwa, yule jirani alisimama mwenyewe bila kuitwa.

Maneno yaliyotolewa hatuyatupi. Wasifu mrefu tunauchapa kwenye karatasi ya kawaida na kuwarudishia familia, wauweke. Na hatuongezi jambo ambalo hatukuambiwa. Kuhusu ugonjwa, tunauliza familia wanataka kusema kiasi gani, na tunaishia hapo hapo.

Salamu za rambirambi zina sheria nyingine. Wasifu tunaweza kuupunguza, lakini salamu ni sauti ya mtu, kwa hiyo hatugusi neno bila kumwonyesha. Tunachofanya ni kusema mapema: kila mmoja maneno yasiyozidi 80. Watoto walileta 80, wajukuu 80, wakwe 80, kwaya 80. Mume wa marehemu alileta sentensi mbili. Alisema alimwoa akiwa anaimba, na sasa nyumba imenyamaza. Watoto walitaka tuongeze, wakasema ni fupi mno, watu watafikiri baba hakumpenda mama. Tulimwuliza mzee. Akasema, "Niliyonayo ndiyo hayo." Tukayaweka hivyo, juu kabisa ya ukurasa wa 6, na nafasi nyeupe chini yake. Salamu za wajukuu zilikuwa kwa Kikalenjin. Tuliziacha kwa Kikalenjin, tukampa mwalimu mmoja mstaafu azisome kabla ya kuchapwa, maana sisi wengine tunaizungumza lugha yetu kuliko tunavyoiandika.

Picha. Ile iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida huwa imepunguzwa ukubwa, na ukiichapa inakuwa na ukungu. Mwambie mtumaji aitume tena kama faili, kwa kuchagua Document, nayo itafika na ukubwa wake wote. Usikuze picha ya kitambulisho. Na ukikata picha kutoka kwenye picha ya harusi, angalia bega la jirani lisibaki. Fotokopi hutia giza nyusoni, basi ing'arishe picha kidogo kuliko unavyodhani inafaa, uchape moja uione mchana, nje.

Jumatano jioni rasimu ilikuwa tayari. Hapa tuna desturi moja ambayo hatuivunji: tunaisoma programu yote kwa sauti mbele ya yule mwenye neno la mwisho, kuanzia jalada hadi mgongo. Jicho huruka makosa, sikio husikia. Pia tunatafuta jina la marehemu wa mwisho tuliyemwandalia. Wengi wetu huanza na faili la mazishi yaliyopita na kubadilisha maneno, na jina la zamani hubaki mahali, mara nyingi kwenye shukrani au kwenye sala. Bonyeza Ctrl+F, andika jina la zamani, uone kama lipo. Sisi tumewahi kulikuta mara mbili. Heri sisi tulikute kuliko mjane.

Kisha tunafunga. Tulisema: baada ya saa 6 mchana Alhamisi hakuna mabadiliko kwenye karatasi. Likitokea jambo, emsii atalitangaza. Bila mstari huo utachapa mara tatu.

Kwenye mashine, faili linabaki kwa mpangilio wa kusoma, 1 hadi 8, na programu ya kompyuta inazipanga kurasa. Katika Word ni Page Setup, halafu Multiple pages, halafu Book fold. Kama una PDF, kwenye dirisha la kuchapa chagua Booklet. Ukichapa pande mbili, chagua Flip on short edge. Ukichagua long edge, ukurasa wa nyuma utatoka kichwa chini. Chapa kijitabu kimoja kwanza, ukikunje, ukilinganishe na kielelezo cha kalamu, ndipo uchape zote.

Tulihitaji nakala 300. Kila moja ni karatasi mbili, hivyo 600: rimu moja ya 500 na 100 za ziada, na nyingine kidogo za kuharibika. Muulize mwenye duka kama mashine yake ni ya wino wa maji au ya unga. Tumewahi kuchapa kwa wino wa maji, mvua ikanyesha kaburini, na uso wa marehemu ukatiririka kwenye vidole vya watoto wake. Wino wa unga haukimbii ukilowa. Ukitaka kujua, chovya kidole kwenye maji uguse nakala ya kwanza.

Alhamisi jioni wanakwaya kumi walikaa ukumbini kukunja. Tunakunja kwa kulinganisha pembe kwanza, kisha tunapitisha mgongo wa kijiko. Stepla ndefu hatuna. Tunafungua kijitabu juu ya ndala ya mpira, tunapiga pini mbili kwenye mkunjo, tunaivuta kutoka kwenye ndala na kukunja ncha za pini kwa ndani. Nakala 20 tuliziweka kando ndani ya bahasha, kavu, za familia. Hizo hazigawiwi. Siku ya mazishi hakuna anayekumbuka kujiwekea yake.

Ijumaa kaburi lilifunikwa saa 7.40. Mvua ilianza tukiwa tunakula.

Tumalizie na yule binti tuliyemwacha. Mwaka uliofuata, tulipopata nafasi, tuliichapa upya programu ya baba yake, nakala kumi tu, jina lake likiwa la kwanza kwenye orodha, pahali pake. Tulimpelekea nyumbani. Hakusema mengi. Alitoa ile ya zamani ndani ya Biblia, akaiweka mpya, na ile ya zamani akaturudishia. Tunayo mpaka leo kwenye faili la ukatibu, ya kwanza kabisa. Kijana yeyote anayepokea kazi hii tunamwonyesha hiyo kabla ya kumwonyesha kompyuta.